Bajeti ya Dola 10 kwa Siku, Kadi Yakatwa Dola 201

Kampuni ndogo ya utalii ya Arusha inafungua akaunti ya Google Ads na kuweka bajeti ya dola 10 kwa siku. Tarehe 3 Septemba benki inatuma ujumbe kwamba kadi imekatwa dola 51. Kimya kinafuata kwa karibu wiki tatu, kisha usiku wa tarehe 23 unaingia ujumbe mwingine: dola 201. Tarehe 1 Oktoba zinakatwa 48 tena. Kampuni hii ni ya kubuni, nimeiunda ili hesabu ifuatike vizuri, lakini lalamiko lake kila anayesimamia matangazo ya watu amelisikia: niliwaambia dola kumi kwa siku, mbona wamenikata mia mbili?

Ukijumlisha makato yote matatu unapata dola 300. Siku 30 za Septemba, kila moja dola 10, nazo ni dola 300. Kwa hesabu ya mwezi mzima, mteja hakuzidishiwa hata senti. Hata hivyo simlaumu anayelalamika, kwa sababu hakuna popote alipokubali kwa kujua kwamba "kwa siku" haina maana ya kila siku, wala hakuna aliyemweleza kwamba siku kadi inapokatwa haina uhusiano na siku tangazo lilipobofywa. Hizi ni hesabu mbili tofauti, na juu yake kuna ya tatu, mnada, ambao ndio unaopanga bei ya kila mbofyo. Mkanganyiko karibu wote huanzia pale mtu anapotazama hesabu moja na kuidai majibu ya nyingine.

Tuanze na bajeti. Google wenyewe huiita bajeti ya wastani ya siku, na neno wastani ndilo lenye uzito. Tangu tarehe 4 Oktoba 2017, kampeni ya kawaida inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti hiyo katika siku moja. Kabla ya hapo ziada iliyoruhusiwa ilikuwa asilimia 20 tu. Mpaka mwingine uko kwenye mwezi: kwa mwezi wa kalenda hutatozwa zaidi ya bajeti ya siku mara 30.4, namba inayopatikana kwa kugawa siku 365 kwa miezi 12. Kwa dola 10, basi, dari la siku ni dola 20 na dari la mwezi ni dola 304. Kampuni yetu ilitumia dola 14 siku ya kwanza, 19 siku ya pili na 18 siku ya tatu. Kila siku ilipita dola 10, wala hakuna iliyofika 20. Baadaye zikaja siku za dola 4 na dola 6, na mwezi ukajisawazisha.

Sababu inayotolewa ni kwamba watu hawatafuti kwa kiwango kilekile kila siku. Jumatatu watu wa Ulaya wanaweza kuwa wengi wanaotafuta safari ya Serengeti, Jumamosi wakawa wachache. Bajeti ikifungwa kwa dola 10 kila siku, Jumatatu tangazo linazimwa mchana wakati wateja bado wapo, na Jumamosi pesa inabaki. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kampeni inayoendeshwa mwezi baada ya mwezi. Kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo haisemwi sana: gharama huingia pale mtu anapobofya, si pale tangazo linapoonekana. Tangazo linaweza kuwa tayari limefunguka kwenye skrini za watu kadhaa wakati mfumo unaamua kulisimamisha, na wakibofya baada ya hapo, mbofyo huo una gharama yake.

Ikitokea gharama imevuka hata dola 20, ziada hailipwi. Tuseme siku moja mibofyo ilifika thamani ya dola 23. Dola 3 zinarudishwa kama salio, na kwenye ukurasa wa malipo unaona mstari wenye jina `Overdelivery`. Kampeni za kulipia matokeo, yaani zile unazotozwa mteja anapojaza fomu au kununua badala ya anapobofya, zina utaratibu wao na zinaweza kupita mara mbili kwa siku. Mwenye kampeni ya namna hiyo asishikilie kanuni ya dola 20.

Ahadi ya mwezi ina mapengo, na humo ndimo watu wanamoumia kwelikweli. Pengo la kwanza ni kampeni fupi. Mtu anataka kutangaza tamasha kwa siku nne, anaweka dola 10 kwa siku akitegemea kutumia dola 40. Mfumo unaona wateja wengi, unatumia karibu dola 20 kila siku, na siku ya nne jioni anasimamisha kampeni akiwa ametumia karibu dola 80. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa sababu dari la mwezi ni dola 304 na hajalikaribia. Zile siku tulivu ambazo zingesawazisha hesabu hazikupata nafasi ya kufika. Vivyo hivyo kwa anayepanga tangazo liende mwisho wa wiki pekee: siku nane za mwezi anazidhani dola 80, na zinaweza kufika 160. Kwa kazi ya muda mfupi, njia salama ni kuweka bajeti ya jumla ya kampeni pale aina ya kampeni inaporuhusu, na isiporuhusu, kuandika nusu ya kiasi ulicho tayari kutumia kwa siku. Ukiwa tayari kupoteza dola 10, andika 5.

Pengo la pili ni kubadilisha bajeti katikati ya mwezi. Watu wengi hudhani dari jipya ni bajeti mpya mara 30.4. Sivyo. Mfumo unachukua ulichokwisha kutumia, kisha unaongeza bajeti mpya mara idadi ya siku zilizobaki. Tuseme kampuni yetu ilikuwa imetumia dola 160 hadi usiku wa tarehe 15 Septemba, na asubuhi ya tarehe 16 ikapandisha bajeti kuwa dola 20. Zimebaki siku 15.

```
160 + (20 × 15) = 460
```

Dari la mwezi huo sasa ni dola 460. Mwenye akaunti akikumbuka kwamba alikuwa amelipia ziada wiki mbili za mwanzo na kutegemea kwamba itafidiwa baadaye, ile ziada ya dola 10 imemezwa ndani ya hesabu mpya. Na siku yenyewe ya mabadiliko, dari linafuata bajeti kubwa kuliko zote ulizoweka siku hiyo. Anayepandisha bajeti hadi dola 50 saa tatu asubuhi, akaogopa na kuirudisha 10 saa nne, amefungua mlango wa dola 100 hadi siku iishe.

Siku iishe lini? Hilo nalo linahitaji kuangaliwa. Siku ya akaunti hufuata saa za eneo lililochaguliwa akaunti ilipofunguliwa. Akaunti nyingi za huku zilifunguliwa na mtu wa nje au kwa haraka, zikabaki na saa za California. Siku ya California huanza saa tano asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, au saa nne wakati wenzetu wamesogeza saa mbele. Mwenye akaunti ya namna hiyo akihesabu matumizi kuanzia usiku wa manane wa Dar es Salaam au Nairobi, anachanganya siku mbili za Google katika siku yake moja, na anaweza kuona dola 30 mahali ambapo mfumo unaona 18 na 12.

Tena bajeti hii ni ya kampeni, si ya akaunti. Kampeni tatu za dola 10 zina dari la dola 60 kwa siku. Kinachonikera ni kwamba akaunti ya kawaida ya Google, inayolipwa kwa kadi, haina mahali rahisi pa kuandika "akaunti hii yote isipite dola 500". Meta, wenye Facebook na Instagram, wanapo: unaweka kikomo cha matumizi ya akaunti, na matangazo yote yanasimama kikifikiwa. Si kwamba Meta ni wapole zaidi kwenye bajeti ya siku. Kwa maelezo yao ya sasa, siku moja inaweza kupita bajeti kwa hadi asilimia 75, ila wiki, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, haitapita bajeti ya siku mara saba. Dola 10 zinaweza kuwa 17.50 Jumatatu, lakini wiki itaishia dola 70. Kwa mfanyabiashara mdogo naona wiki ni kipimo chenye huruma kuliko mwezi, kwa sababu kosa linajisawazisha kabla hajasahau lilipoanzia.

Sasa mnada. Kila mtu anapoandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, mnada mpya unafanyika kabla ukurasa haujafunguka. Wazo la kuuza mibofyo kwa mnada lilianzishwa na GoTo.com mwaka 1998, na kwao kila mtu alilipa dau lake lote. Google walipoleta mnada wao mwaka 2002 walibadilisha mambo mawili: nafasi haikuenda kwa dau kubwa pekee bali pia kwa uwezekano wa tangazo kubofywa, na mshindi hakulipa dau lake bali kiasi cha kutosha tu kumpita anayemfuata.

Tuichore kwa namna iliyorahisishwa. Kampuni yetu imeweka dau la dola 2 na tangazo lake lina ubora wa 8. Ukizidisha unapata 16. Mshindani ana dau la dola 3 lakini ubora wa 4, anapata 12. Kampuni yetu iko juu ingawa dau lake ni dogo. Italipa nini? Kiasi cha kuipita 12 ya mshindani: 12 gawa kwa 8 ni dola 1.50, ongeza senti moja. Mbofyo umegharimu dola 1.51, chini ya dau la dola 2. Mnada halisi wa leo una viungo vingi zaidi, kama vile mahali alipo mtafutaji, kifaa anachotumia na kiwango cha chini ambacho tangazo lazima likifikie hata kama hakuna mshindani, lakini umbo lake ni hilo.

Ukielewa hivyo utaona dau na bajeti havifanyi kazi moja. Dau linazuia bei ya mbofyo mmoja. Bajeti inazuia jumla ya mibofyo. Anayeweka dau kwa mkono, dola 2, anajua hakuna mbofyo wake utakaopita hapo. Tatizo ni kwamba wengi hawaweki dau kwa mkono tena. Wakati wa kufungua kampeni wanachagua mfumo uwaongezee wateja kadiri iwezekanavyo, na chaguo hilo, likiachwa bila lengo la gharama, linamaanisha: tumia bajeti yote, na kila mbofyo lipa utakavyoona inafaa. Hapo mbofyo wa dola 6 kwa mtu anayetafuta safari ya kifahari si ajabu. Kwa bajeti ya dola 10, mbofyo wa kwanza ni 6, wa pili ni 6, tayari siku imefika 12. Bajeti ikiwa ndogo kiasi kwamba inatosha mibofyo miwili au mitatu tu, kuipita si bahati mbaya, ni jambo la kila siku. Dawa yake iko kwenye dau: weka lengo la gharama kwa kila mteja, au kama unatafuta mibofyo tu, weka kikomo cha bei ya mbofyo. Kupunguza bajeti peke yake kunapunguza idadi ya mibofyo na kuiacha bei yake palepale.

Wala bei ya mnada haipangwi na washindani peke yao. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google jijini Washington, Septemba 2023, Jerry Dischler, kiongozi wa kitengo cha matangazo, alieleza mahakamani kwamba kampuni hurekebisha mnada kwa namna inayoweza kupandisha bei kwa asilimia 5, na kwa baadhi ya utafutaji asilimia 10, bila kuwaambia wanaotangaza. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikiuka sheria inayokataza kuhodhi soko. Kwa hiyo mbofyo wako ukipanda kutoka dola 1.51 hadi 1.65 bila mshindani mpya kuonekana, usijilaumu haraka kwamba umeharibu kitu.

Turudi kwenye zile dola 201. Akaunti inayolipwa kwa kadi hukatwa kwa sababu mbili tu: deni limefika kizingiti, au mwezi umeisha. Ni kama daftari la Mangi: anakukopesha sukari na mchele, anaandika, na siku ya kukudai inafika deni likiwa limefikia kiasi ambacho moyo wake hauwezi kuvumilia, au mwisho wa mwezi, lolote litangulialo. Mteja mpya anavumiliwa kidogo. Tuseme kizingiti cha kampuni yetu kilianza dola 50. Siku tatu za 14, 19 na 18 zimefika 51, kadi ikakatwa. Kwa kuwa malipo yalipita bila shida na kizingiti kilifikiwa mapema, mfumo ukakipandisha hadi 200. Viwango hivi hutofautiana kwa nchi na sarafu, na cha akaunti yako kimeandikwa kwenye ukurasa wa malipo. Lakini mwendo wake ni huo, kupanda kadiri unavyoaminika.

Kuanzia tarehe 4 hadi 23 kampuni ilitumia wastani wa dola 10 kwa siku, jumla 201, na kizingiti kikafikiwa. Siku saba za mwisho zilitumia 48, hazikufika 200, zikasubiri tarehe 1. Ile dola moja ya ziada juu ya 50 na juu ya 200 inatokana na kwamba mibofyo haisimami ikisubiri kadi ikatwe. Kwa kampeni yenye matumizi makubwa ziada hiyo inaweza kuwa makumi ya dola, na kizingiti kidogo kinaweza kufikiwa mara kadhaa katika siku moja, benki ikatuma ujumbe baada ya ujumbe.

Kizingiti kinachopanda ni heshima ambayo wengi wasingeitaka. Kenya, watu hutangaza kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza mwaka 2022, na mtindo wa kadi kama hiyo umeenea Tanzania pia. Anayeijaza pesa kidogo kidogo, dola 20 leo, 20 kesho, anadhani amejiwekea breki. Kizingiti kikiwa 50 mambo yanakwenda. Kikipanda hadi 200, mfumo unajaribu kukata dola 201 kwenye kadi yenye dola 40, malipo yanakataliwa, matangazo yanasimama, na deni la 201 liko palepale. Kusimamisha kampeni hakulifuti, kwa sababu ni mibofyo iliyokwisha kutokea. Anayetaka breki ya kweli ajilipie mwenyewe kabla ya kizingiti, kila wiki kwa mfano, au afungue akaunti ya kulipa kwanza pale nchi yake inaporuhusiwa. Na hata hiyo inaweza kuteleza chini ya sifuri kidogo mibofyo ya mwisho inapochelewa kuhesabiwa.

Kodi nayo iko nje ya bajeti. Jukwaa linapotoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, inaongezwa juu ya gharama. Dola 300 zikitozwa asilimia 18 zinakuwa 354, na hapo hata dari la 304 linaonekana kama limevunjwa ilhali halikuguswa. Benki nayo ina gharama zake za kubadilisha fedha, ambazo Google haizioni kabisa.

Ukitaka kujua kama kweli umezidishiwa, acha ujumbe wa benki kwanza. Fungua ripoti ya kampeni, igawe kwa siku, na uangalie kama kuna siku iliyopita mara mbili ya bajeti iliyokuwapo siku hiyo. Kisha jumlisha mwezi wa kalenda, kampeni moja moja, uone kama umevuka mara 30.4, ukikumbuka hesabu tofauti kama bajeti ilibadilishwa. Mwisho nenda `Transactions`, upande wa malipo, ulinganishe gharama, kodi na salio lililorudishwa. Mara nyingi sana jibu litakuwa hapo.

Kama halipo, fungua `Change history`. Inaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na mara kadhaa jina utakalolikuta ni la mwenzako wa ofisini. Ukikuta kampeni usiyoijua, kwa lugha usiyoitumia, bajeti yake ikiwa mamia ya dola, hilo si suala la wastani tena: akaunti imeingiliwa. Ondoa watumiaji usiowajua, badilisha nywila, simamisha kampeni hizo, na ripoti kwa Google siku hiyohiyo. Usianze kwa kupiga simu benki kudai pesa irudishwe. Benki ikiirudisha, Google huona deni ambalo halijalipwa na hufunga akaunti, na kuifungua tena kunachukua muda mrefu kuliko madai yenyewe, hata pale ambapo haki ilikuwa yako.